Feri Mpaka Kariakoo kwa Mguu Saa Saba Mchana: Mwongozo Kamili wa Kivuli, Maji na Pa Kupumzikia

Kila kaskazi ikiingia nasikia hadithi ileile. Mtu kashuka pantoni toka Kigamboni, kaangalia foleni, kaangalia msururu wa mwendokasi, akasema aah hapa na Kariakoo ni pua na mdomo, acha nikanyage. Kafika kalowa kama katolewa bwawani, kichwa kinagonga, na mzigo aliofuata hana hata nguvu ya kuubeba. Wengine hawafiki, wanakaa chini pale karibu na Mnara wa Saa mpaka mtu awanunulie maji.

Mi mwenyewe yalinikuta, na sikuwa mgonjwa wala nini, nilikuwa nimepanga vibaya tu. Nilifuata njia fupi ambayo simu ilinionyesha, na simu haijui jua liko wapi. Kwahiyo hapa naandika hatua zote za safari hiyo moja, kama kilomita tatu hivi. Ukishaelewa kwanini kila hatua iko hivyo, utapanga njia yako nyingine yoyote hapa Dar.

Vitu vya kuwa navyo

- Maji lita moja, kwenye chupa mbili za nusu lita. Mbili sio kwa bahati mbaya, ntaeleza.
- Mwavuli. Ndio, hata wewe mwanaume. Kofia inafunika kichwa tu, mwavuli unafunika mpaka mabega.
- Kanga au kitambaa cha pamba cha kulowesha.
- Nguo za pamba, pana, rangi nyepesi. Jinzi ya kubana iache nyumbani.
- Viatu vya soli nene. Ndala nyembamba kwenye lami ya saa saba utajuta.
- Chenji ndogondogo za maji na choo cha kulipia, na hela ya bajaji ambayo huigusi kwa kitu kingine.
- Simu yenye chaji.

Hatua ya 1: Jua muda ambao kivuli hakipo

Hapa ndipo wengi wanapofeli, nami nakaa hapa kidogo.

Watu wanadhani mjini kuna majengo marefu basi kivuli kipo tu. Kwa Dar sio kweli muda wote. Sisi tuko karibu sana na ikweta, na jua linapita juu ya utosi wetu kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku zinazozunguka tarehe hizo, jua likifika katikati ukuta hautupi kivuli chochote cha maana. Na katikati yenyewe sio saa sita kamili, mwezi wa pili inakuwa kama saa sita na dakika thelathini na kitu, kwa sababu saa tunayotumia imepangwa kwa mstari ulio mashariki yetu.

Chukua katikati ya Februari. Saa sita na nusu, ukuta wa mita 3 unakupa kivuli cha sentimita kama 30, yaani hata bega halienei. Saa nane kivuli chako kinafika kama theluthi moja ya urefu wako au zaidi kidogo, bado ukuta wa duka hausaidii, labda ghorofa. Saa tisa kivuli ni kama robo tatu ya urefu wako. Saa tisa na nusu kinakaribia urefu wako wote, na hapo sasa upande mmoja wa barabara unakuwa giza zuri la kutembea.

Kanuni yangu ni rahisi, simama uangalie kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko nusu yako, sahau kuta, tafuta paa na miti tu. Kikizidi nusu, anza kuchagua upande wa barabara.

Upande gani? Mchana baada ya jua kupinduka, kwenye mtaa unaokwenda kaskazini na kusini, tembea upande wa magharibi, majengo ya upande huo ndiyo yanayokufunika. Kwenye mtaa unaokwenda mashariki na magharibi inategemea mwezi. Desemba jua liko kusini kidogo, kwahiyo kivuli kinaangukia ubavu wa kaskazini wa majengo. Juni na Julai ni kinyume, jua liko kaskazini, kivuli kinaangukia kusini, na kinakuwa kipana zaidi, ndio maana Juni watu wanatembea mjini mchana bila hata kufikiria.

Kama safari yako inaweza kusubiri mpaka saa tisa na nusu, subiri. Joto la hewa saa hizo bado lipo, usidanganyike, lakini jua la kukupiga moja kwa moja linakuwa limepungua na kivuli kipo. Na kama umefunga Ramadhani (mwaka 2025 na 2026 zimeangukia kipindi hikihiki kibaya cha Februari na Machi) basi hiyo sio ushauri tena, tembea baada ya alasiri au panda gari, kwasababu hatua ya maji hutaweza kuifanya.

*Umefaulu hatua hii kama* unaweza kusema kabla hujatoka: "nitakuwa njiani toka saa fulani mpaka saa fulani, na muda huo kivuli kitatoka kwenye miti, au kwenye kuta za upande huu."

Hatua ya 2: Chora njia kwa kuruka toka kivuli hadi kivuli

Fungua ramani kwenye simu, weka picha ya setilaiti, usiangalie mstari wa bluu. Angalia vichwa vya kijani, hiyo ndio miti. Halafu kumbuka kwa kichwa wapi kuna vibaraza vilivyofunikwa, vituo vya daladala vyenye paa, sheli, misikiti, benki.

Lengo ni kwamba usikae juani mfululizo zaidi ya dakika tano. Kwa mwendo wa joto dakika tano ni kama mita 300. Ukikuta kipande kirefu kuliko hapo kisicho na chochote, kizunguke hata kama kinaongeza mita mia mbili, mita mia mbili chini ya mti ni bei rahisi kuliko mia juani.

Vivuli navyo havilingani. Mwembe ni mfalme, majani mazito, chini kunakaa baridi. Mwarobaini na mkungu vinafuata. Mnazi usiuhesabu kabisa, kivuli chake ni chembamba na kinahamahama, na wazee walishasema kivuli cha mvumo hufunika walio mbali, ukikaa shinani unachomwa wewe. Banda la bati lililo chini na halina dari nalo ni mtego, jua halikupigi lakini bati lenyewe linakumwagia joto kichwani, utaona watu wamekaa chini yake wanajipepea na bado wanatoka jasho. Bora turubai lililoinuka na upepo unapita.

Na upepo uuhesabu kama kivuli. Dar tatizo sio joto peke yake, ni unyevu. Jasho linakupoza pale linapokauka mwilini, likidondoka tu chini halijakufanyia kazi yoyote, umepoteza maji bure. Upepo ndio unaolikausha. Sasa angalia ubaya wa safari hii: msimu wa kaskazi upepo unatoka kaskazini mashariki, na wewe toka Feri kwenda Kariakoo unaelekea magharibi na kusini kidogo. Upepo uko mgongoni unatembea nao, unausikia kidogo, wakati jua la saa nane liko usoni. Kurudi ndio nafuu. Kwahiyo ukipumzika geuka, uelekee ulikotoka, fungua kifungo cha juu, upate upepo kifuani.

Hatua ya 3: Maji, kabla ya kuyabeba uyanywe

Kosa ni kuanza kunywa ukisikia kiu. Kwenye joto hili kiu inakuja umeshachelewa.

Saa moja na nusu au mbili kabla ya kutoka kunywa nusu lita, polepole. Kisha uende chooni kabla ya kuanza. Angalia mkojo, ukiwa rangi ya maji ya limau uko sawa, ukiwa rangi ya chai ya rangi usianze safari, kunywa tena na usubiri. (Kuna vitamini zinageuza mkojo njano kali, kama umezimeza usishtuke.)

Njiani kunywa kama glasi moja, mililita 200 hadi 250, kila dakika 15 hadi 20. Usisubiri ukafakamia chupa nzima, tumbo linajaa, linacheza, na unaanza kusikia kichefuchefu. Na usizidishe pia, zaidi ya lita moja na nusu kwa saa ni hatari, chumvi ya damu inazimuliwa.

Ndio maana chupa mbili. Moja ya kunywa, na nyingine ya akiba ambayo huifungui mpaka umeshajua utaijaza wapi. Ukifungua ya pili, kituo kinachofuata lazima kiwe cha kununua maji. Hii inakuzuia kufika katikati mikono mitupu.

Wengi, hasa akina dada, wananiambia hawanywi kwasababu ya choo. Nawaelewa, ila mwili kwenye joto unatoa maji mengi kwa jasho, hiyo glasi kila robo saa mara nyingi haifiki hata kibofu. Vyoo vya kulipia vipo maeneo ya Feri na Kariakoo, miskiti mingi nayo ukiomba vizuri unaruhusiwa. Ndio kazi ya ile chenji.

Chumvi je? Kwa safari ya saa moja na kitu kama umekula chakula cha kawaida inatosha, huhitaji unga wowote. Ukienda zaidi ya masaa mawili hapo tengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usikadirie kwa mkono, chumvi ikizidi inadhuru. Dafu ni zuri, linaburudisha, ila sodiamu yake ni kidogo, kwahiyo halichukui nafasi ya hiyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu hapana, bia ndio kabisa.

Ukinunua maji kwa vijana wa barabarani, kizibo ukifungue mwenyewe na usikie kikikatika. Kikizunguka kimya, rudisha.

Hatua ya 4: Weka vituo kabla hujachoka

Kituo cha kupumzika kinapangwa nyumbani. Ukisema ntakaa nikichoka, utachokea mahali pasipo na kivuli, na utasema nisogee kidogo, na hapo ndipo watu wanapoanguka.

Weka kituo kila dakika 15 hadi 20 za kutembea. Kila kimoja dakika tano hadi kumi, ukae kabisa, sio kusimama. Maji ya kunywa, maji kidogo kwenye kanga, kanga shingoni.

Halafu pima. Ukishakaa dakika moja, shika mapigo shingoni au kwenye kifundo cha mkono uhesabu kwa sekunde 30. Ukipata zaidi ya 55, mwili bado unapambana, usinyanyuke, ongeza dakika tano uhesabu tena. Isiposhuka, safari ya mguu imeishia hapo. Mi nilikuwa naona hii ni mbwembwe, mpaka siku nilipojisikia mzima kabisa nikahesabu nikapata 66.

Ukiweza kupumzikia kwenye kiyoyozi, poa sana, mwili unapoa haraka. Ila usije ukakaa nusu saa nzima ukasahau kilichokuleta.

Hatua ya 5: Safari yenyewe, kipande kwa kipande

Tuseme ni Februari, umeshuka pantoni saa saba, na haiwezekani kusubiri. Mwendo: kilomita moja kwa dakika 17 hivi, wakati siku ya kawaida ungetumia 12. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema uko sawa.

*Feri hadi kanisa la Azania Front.* Kipande kizuri kuliko vyote. Bahari iko kushoto kwako, upepo upo, na kuna miti mikubwa ya zamani. Ubaya wake ni kwamba watu wanakimbia hapa kwasababu wanajisikia vizuri, halafu wanalipa mbele. Nenda taratibu. Kabla hujaacha miti, kaa. Hiki ni kituo cha kwanza, glasi ya kwanza, hata kama hujachoka. Hasa kama hujachoka.

*Azania Front hadi Sanamu ya Askari.* Unapanda Azikiwe, ni pafupi, ila saa hizi pamechomwa. Mwavuli juu, usisimame kupiga stori, malizia.

*Samora hadi Mnara wa Saa.* Hiki ndicho kipande kinachodanganya. Kina maghorofa pande zote, unatarajia kivuli, na hakuna, kwasababu saa saba jua liko juu na kwenye saa nane linakuja karibu sambamba na mtaa wenyewe, linakupiga usoni, kivuli cha jengo kinaangukia jengo la jirani yake. Kuvuka kwenda upande wa pili hakubadilishi kitu, usihangaike. Unachofuata ni vibaraza, baadhi ya majengo ya zamani yana sehemu ya juu iliyotokeza juu ya njia ya miguu. Tembea hapo chini, na kipande cha wazi unavuka na mwavuli. Katikati ya Samora weka kituo cha pili, ndani ya duka au mgahawa, nunua maji ya kujazia. Juni ungekuwa na raha hapa, jua likiwa kaskazini magharibi majengo ya mkono wako wa kulia yangekufunika.

*Mnara wa Saa hadi Mnazi Mmoja.* Hapa magari, joto la injini, lami, na upepo umekatika. Mimi ndipo yaliponikuta. Nilikuwa na chupa moja tu na nilikuwa nimeimaliza Samora, nikasema bado kidogo nifike. Miguu ikaanza kuwa mizito, halafu nikasikia baridi, yaani vinyweleo vimesimama kwenye jua lile. Sikujua hiyo ni dalili, nilifikiri ni malaria.

Usipumzikie Mnara wa Saa, vumilia mpaka miti ya Mnazi Mmoja. Ukikuta huwezi kuingia ndani ya viwanja, miti ya pembeni inatosha. Kituo cha tatu, kirefu, dakika kumi, pima mapigo.

*Mnazi Mmoja hadi sokoni.* Ukishavuka Lumumba, miavuli na maturubai ya wamachinga yanakufunika karibu njia nzima. Jua sio tatizo tena, tatizo ni msongamano, watu wamebanana na hewa haitembei. Funga mwavuli usije ukamtoboa mtu jicho, shika kanga iliyolowa, na epuka vichochoro vya ndani kabisa ambako hata upepo wa feni haufiki.

Jumla, dakika kama 50 za kutembea na 20 hadi 25 za kukaa. Ukitoka saa saba unafika saa nane na robo hivi. *Umefaulu kama* umefika umelowa jasho lakini kichwa hakiumi, unaweza kubishana bei, na ndani ya masaa mawili matatu umekojoa mkojo usio mweusi.

Hatua ya 6: Wakati wa kukatisha

Misuli ya shavu la mguu au tumbo ikikaza, kichwa kikigonga, kichefuchefu, kizunguzungu, au ule ubaridi wa ajabu niliousema: kaa kivulini, legeza nguo, miguu juu ya begi, kunywa kidogokidogo, jimwagie maji. Ukipata nafuu ndani ya nusu saa usiendelee kwa mguu, panda bajaji. Ile hela ni ya hapa.

Kitu kingine kabisa ni mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kukasirika bila sababu, au kuzimia. Hicho ni kiharusi cha joto, kinaua, na usiseme "mbona bado anatoka jasho", anaweza kuwa anatoka jasho na ndio kimeshampata. Muingize kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima huku mnampepea bila kuacha, hata kwa boksi. Barafu ya muuza juisi mfungie kwenye kanga umuwekee shingoni, kwapani na kwenye kinena. Usimpe kitu cha kunywa kama hajielewi, itaingia njia ya hewa. Wakati mmoja anamwagia, mwingine atafute gari au bajaji ya hospitali, na mwendelee kumpoza humo njiani. Bodaboda hapana, ataanguka.

Mama mjamzito, mzee, mtoto mdogo, mtu aliyeharisha jana, na anayetumia dawa za presha zile za kukojosha: wao wasianze kabisa safari hii saa saba. Waende saa tatu asubuhi.

Na ukifika sokoni usibebe mzigo palepale. Kaa robo saa, kunywa, kula kitu chenye chumvi kidogo, halafu ndio uulize bei. Kurudi Feri na gunia mgongoni ni hesabu nyingine, hiyo mi napanda mwendokasi.